Kijivu Kilichonifukuza Chumbani: Jinsi Nilivyopata Rangi ya Chumba Changu cha Kazi

Mama yangu alipoingia kwa mara ya kwanza katika chumba changu cha kazi, mwezi wa Februari, wakati Dar es Salaam nzima inatafuta kivuli, alisimama mlangoni, akaivuta kanga yake mabegani na kuniuliza kama feni ilikuwa imewashwa. Feni ilikuwa imezimwa. Nilipomwambia hivyo, alizitazama kuta zile nne moja baada ya nyingine, kisha akasema, “Mwanangu, humu ndimo unamokaa kutwa nzima?” Nilikuwa nimemaliza kukipaka chumba hicho wiki mbili tu kabla ya siku ile, kwa rangi niliyoichagua kwa uangalifu mkubwa, na swali lake lilinigusa kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa nimeshaanza kubeba kompyuta yangu kila mchana na kwenda kufanyia kazi kwenye meza ya chakula, bila kujiuliza ni kitu gani kilichokuwa kinaniondoa.

Kazi yangu ni kuhariri vitabu vya shule. Kwa siku ya kawaida napitia kurasa 30 hadi 40, nyingine kwenye kompyuta na nyingine kwenye karatasi, nikitafuta herufi iliyorukwa, koma iliyopotea, au jedwali ambalo jumla yake haiafikiani na maelezo. Kazi ya namna hii inahitaji chumba ambamo jicho likiondoka kwenye ukurasa halinaswi na kitu, bali linapumzika kidogo na kurudi lilipotoka. Lakini inahitaji pia chumba ambacho mtu hatakikimbia ifikapo saa nane mchana. Kwa muda mrefu niliamini kwamba mahitaji hayo mawili yanavutana, yaani ukitaka utulivu ni lazima ukubali ubaridi, na ukitaka uchangamfu ni lazima ukubali kusumbuliwa.

Chumba chenyewe kiko nyuma ya nyumba yetu, Kimara. Kina urefu wa mita 3.2, upana wa mita 3 na kimo cha mita 2.8, na dirisha lake moja linatazama kusini. Mita mbili nje ya dirisha hilo upo ukuta wa uzio wa jirani, uliopigwa lipu ya sementi na kuachwa hivyo hivyo bila rangi. Nautaja ukuta huo mapema kwa sababu ulichangia ubaya wa chumba changu kuliko kitu chochote nilichokinunua dukani, na ilinichukua karibu mwaka mzima kuligundua hilo.

Rangi niliyoichagua mwanzo ilikuwa kijivu chenye bluu kidogo. Nilikuwa nimeiona katika picha nyingi za vyumba vya kazi, vyumba vyenye madirisha makubwa na sakafu za mbao, na ilionekana tulivu na ya heshima. Nilikuwa pia nimesoma mahali kwamba bluu husaidia akili. Baadaye nilifuatilia maneno hayo yalikotoka, nikakuta kwamba utafiti unaotajwa sana ni ule uliochapishwa mwaka 2009 katika jarida la Science na watafiti wa Chuo Kikuu cha British Columbia, ambapo watu walifanya majaribio kwenye kompyuta, wengine wakiwekewa usuli mwekundu na wengine wa bluu. Waliowekewa nyekundu walifanya vizuri zaidi katika kazi za kuzingatia mambo madogo madogo, na waliowekewa bluu katika kazi za kubuni. Kwa hiyo, hata kama ningeufuata utafiti huo neno kwa neno, bluu haikuwa rangi ya mhariri. Zaidi ya hapo, rangi ya usuli kwenye skrini kwa dakika chache si sawa na ukuta unaokuzunguka kwa muda wa saa nane kila siku, na baadhi ya waliorudia majaribio ya aina hiyo hawakupata matokeo yale yale. Tangu hapo niliacha kuuliza rangi gani inasaidia akili, nikaanza kuuliza rangi gani inatokea katika chumba hiki, kwa nuru hii.

Swali hilo la pili lina majibu ya kupimika, na ningependa kuyaeleza taratibu. Rangi ya ukutani haitoi nuru yoyote. Inarudisha tu sehemu ya nuru inayoifikia. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa Ikweta, kwa hiyo kuanzia mapema Machi hadi mapema Oktoba jua la adhuhuri hupita upande wa kaskazini wa utosi wetu, na dirisha la kusini haliguswi nalo. Katika miezi inayobaki jua huwa upande wa kusini, lakini wakati wa mchana huwa juu mno, na ukingo wa paa hulizuia. Hivyo nuru inayoingia chumbani mwangu hutoka sehemu mbili tu: kipande chembamba cha anga, ambacho nuru yake ina bluu, na ukuta wa jirani, ambao nuru yake ni ya kijivu cha sementi. Kabla haijafika ukutani kwangu, nuru hiyo ilikuwa tayari imeshapoa. Nami niliipokea kwa rangi iliyoegemea bluu, na usiku nikaongezea taa ambayo boksi lake limeandikwa 6500K, ile ambayo madukani huitwa taa nyeupe; namba hiyo ikiwa kubwa, nuru huegemea bluu, na ikiwa ndogo huegemea njano. Vitu vitatu baridi vilirundikana pahali pamoja, na kila kimoja peke yake nisingekiona kuwa ni kosa.

Ipo njia rahisi ya kuugundua mwegemeo wa rangi ambao jicho limekwisha kuuzoea. Nilichukua karatasi nyeupe kabisa ya kuchapia, nikaibandika katikati ya ukuta, nikatoka nje kwa dakika kumi na kurudi. Pembeni mwa karatasi ile, ukuta niliokuwa nikiuita kijivu ulionekana bluu waziwazi, kama maji ya kufulia yaliyotiwa buluu. Nilipouweka mkono wangu karibu na ukuta, ngozi yangu ilionekana kama imetiwa majivu. Hapo nilielewa kwa nini mama alijifunika.

Jibu langu la kwanza lilikuwa kukimbilia upande wa pili. Nilinunua kopo la manjano iliyokolea, nikapaka ukuta mmoja tu, ule ninaoutazama nikiwa nimeketi. Ulichangamka kweli, na watoto waliupenda. Lakini siku ya pili niliona kwamba kila nilipoinua macho kuutazama ukuta kisha nikayarudisha kwenye karatasi, ukurasa ulikuwa na kivuli cha bluu kilichochukua sekunde kadhaa kuondoka. Jicho likiikazia rangi kali, linaichoka, na likihamia kwenye weupe linaona rangi iliyo mkabala wake. Ni sababu hiyo hiyo inayowafanya madaktari wa upasuaji kuvaa kijani au bluu, ili jicho lililotazama damu kwa muda mrefu lisisumbuke linapoinuka. Kwa msomaji wa kurasa, sekunde zile chache zinazorudiwa mara mia kwa siku ni uchovu mkubwa. Manjano ile haikukaa wiki.

Fundi rangi aliyekuja kuifuta ndiye aliyenifundisha jambo ambalo sikulipata katika maandishi yoyote niliyosoma. Nilimwambia nataka kijani iliyotulia, isiyopiga kelele. Nilitarajia kwamba angetia nyeusi kidogo ili kuishusha, kama nilivyowahi kuona kwa mafundi wengine. Alikataa. “Dada, ukiitia nyeusi itakufa,” alisema. “Tunaituliza kwa nyekundu ya udongo.” Akachukua sahani ya plastiki, akaweka kijani ile ile mara mbili, moja akaitia tone la nyeusi na nyingine tone la nyekundu ya udongo, akazikoroga kwa kijiti. Zote mbili zilipungua ukali. Lakini ya kwanza iligeuka rangi ya maji ya mfereji, na ya pili ikawa kama jani la mwembe lililokaushwa kivulini, yenye kijivu ndani yake lakini yenye uhai. Sababu ni kwamba nyekundu iko mkabala wa kijani, kwa hiyo huipunguzia nguvu bila kuinyang'anya joto, ilhali nyeusi hupunguza nuru na mara nyingi huibeba rangi kuelekea kwenye bluu.

Katika sahani ile nilipata nilichokuwa nikikitafuta. Kinachoamua kama rangi itausumbua umakini ni kukolea kwake, na kinachoamua kama itapooza ni upande inaoegemea na kiasi cha nuru inachorudisha. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa na rangi iliyofifia sana, isiyoligusa jicho kwa nguvu, na bado ikaegemea upande wa joto. Utulivu na ubaridi si kitu kimoja, ingawa kwenye kadi za rangi za dukani mara nyingi huwekwa safu moja.

Nilitaka kununua siku ile ile, lakini safari hii nilijizuia na kufanya majaribio. Nilikata vipande vinne vya plaiwudi, kila kimoja sentimita 60 kwa 60, na fundi akachanganya rangi nne kwa kiasi kidogo: kijani iliyotulizwa kwa udongo, kijani hiyo hiyo ikiwa nyepesi zaidi, krimu yenye manjano kidogo, na rangi ya tofali iliyofifishwa kwa nyeupe. Kila ubao ulipakwa mikono miwili, yaani tabaka mbili, na kuachwa ukauke usiku mzima, maana rangi ya maji ikiwa mbichi huwa nyepesi kuliko ikikauka, na mtu akiamua ingali mbichi ataishia na chumba cheusi kuliko alichokikubali. Tuliacha ukingo wa sentimita tano bila rangi kuzunguka kila ubao, ukiwa mweupe, ili rangi ya zamani ya ukutani isiidanganye rangi mpya.

Kwa siku sita nilizihamisha mbao zile. Nilizisimamisha pembeni mwa dirisha, kisha ukutani mkabala wake, kisha nyuma ya kompyuta, nikazitazama saa mbili asubuhi, saa saba mchana, saa kumi na moja jioni na usiku taa ikiwaka. Matokeo yalinishangaza. Krimu, ambayo dukani ilionekana ya kawaida kabisa, ndiyo iliyobadilika kidogo kuliko zote. Kijani nyepesi ilikuwa nzuri asubuhi lakini ilipofika jioni ilipoteza rangi na kuwa kijivu tupu, yaani ilirudi kuwa ukuta ule ule nilioukimbia. Kijani nzito kidogo, ambayo niliihofia kwamba ingefanya giza, ilibaki kijani kutwa nzima. Nilijifunza kwamba katika chumba chenye nuru hafifu rangi nyepesi mno hufutika, na kwamba kutia nyeupe zaidi si dawa ya kila chumba kilichopooza. Rangi ya tofali nayo ilikuwa nzuri mno kuitazama kwa dakika tano, lakini nilipoiweka nyuma ya kompyuta ilikuwa ikiniita kila mara. Nilipoihamishia nyuma ya mgongo wangu, uzuri ulibaki na mwito ukakoma.

Kwa hiyo mpangilio ulijichora wenyewe. Meza yangu imeelekea ukuta wa magharibi, na dirisha liko mkono wa kushoto, ili mwanga usianguke kwenye skrini wala usinipige usoni, na kivuli cha mkono wangu wa kulia kisiangukie mstari ninaouandika. Ukuta huo wa mbele ndio uliopata kijani iliyotulizwa. Kuta mbili za pembeni na fremu ya dirisha zilipata krimu, dari ikabaki nyeupe, na ukuta wa nyuma yangu ukapata rangi ya tofali iliyofifia. Mtu akiingia, jambo la kwanza analoliona ni ule ukuta wa tofali karibu na mlango, kwa hiyo chumba humkaribisha kwa joto. Nami nikiketi, sioni tofali hata kidogo.

Hesabu ya rangi ilikuwa ndogo kuliko nilivyodhani. Lita moja ya rangi ya maji hufunika takriban mita za mraba 10 kwa mkono mmoja kwenye ukuta uliokwisha kulainishwa. Ukuta wa mbele una mita za mraba 8.4, kwa hiyo kwa mikono miwili ulihitaji lita moja na nusu na ushei. Tulichanganya lita mbili na nusu. Kiasi hicho cha ziada kilikuwa na sababu yake. Rangi iliyochanganywa kwa macho haiwezi kurudiwa sawasawa, kwa kuwa nguvu ya chupa za kuchanganyia hutofautiana, na ikiisha katikati ya ukuta, mstari wa maungio utaonekana daima. Tulichanganya yote katika ndoo moja, na iliyobaki nimeihifadhi kwenye chupa ya kioo kwa ajili ya kuziba mikwaruzo.

Jambo la aina ya rangi, kwa maana ya kung'aa au kutong'aa, fundi na mimi tulibishana kidogo. Yeye alipendelea silki chumba kizima, kwa kuwa inafutika kwa kitambaa chenye maji na haishiki alama za vidole. Alikuwa na haki yake, hasa katika nyumba yenye watoto. Lakini nilikuwa nimeona kwenye ukuta wa zamani jinsi silki inavyorudisha sura ya taa kama kioo chenye ukungu, na jicho langu lilikuwa likienda pale kila mara. Tulikubaliana silki iwe pembeni na nyuma, na ukuta wa mbele peke yake upakwe rangi isiyong'aa. Mpaka leo ukuta huo umepata alama mbili tu, zote za kiti.

Baada ya kupaka, nilidhani kazi imekwisha, lakini usiku wa kwanza chumba kilinikatisha tamaa. Kijani iligeuka ya hospitali na tofali ikawa rangi ya nyama mbichi. Kosa lilikuwa ile taa ya 6500K. Nilikwenda Kariakoo, na maduka mengi yalikuwa na aina mbili tu, nyeupe na njano. Ya njano, ambayo kwa kawaida ni 2700K au 3000K, niliwahi kuitumia sebuleni, na kwa kusoma jioni nzima inanipa usingizi na kuugeuza weupe wa karatasi kuwa wa maziwa. Niliendelea kuuliza mpaka nikapata 4000K katika duka la tano. Niliangalia pia kama boksi limeandikwa kiwango cha Ra, kipimo cha namna taa inavyozionyesha rangi kwa uaminifu; taa nyingi za kawaida ni 80, na niliyoipata ilikuwa 90. Tofauti yake haionekani kwenye karatasi nyeupe, lakini kwenye ukuta wa tofali na kwenye ngozi ya mkono inaonekana mara moja.

Hata hivyo taa moja katikati ya dari haitoshi, na hapa tarakimu chache zinasaidia. Balbu ya LED ya wati 9 hutoa takriban lumeni 800. Sakafu yangu ni mita za mraba 9.6, kwa hiyo hata kama nuru yote ingeshuka bila kupotea, kila mita ya mraba ingepata kama lumeni 83, yaani luksi 83, ilhali kiwango kinachotumika kwa meza ya kusomea na kuandikia ofisini ni luksi 500. Ukuta wa rangi ya wastani ukiongezwa juu ya upungufu huo, mtu ataulaumu ukuta. Niliongeza taa ya mezani, nayo pia ya 4000K, ikielekezwa kwenye karatasi. Kwanza nilijaribu kuweka ya njano mezani na nyeupe darini, na nikaona kalamu yangu ikitupa vivuli viwili vya rangi tofauti kwenye ukurasa mmoja. Kwa mtu anayetafuta nukta iliyopotea, vivuli hivyo ni usumbufu wa kweli. Taa ya njano nimeiweka sakafuni nyuma yangu, ikiuelekea ukuta wa tofali, na naiwasha jua likizama.

Ukuta huo wa nyuma ulileta faida ambayo sikuitafuta. Katika vikao vya video, nilipokuwa na ukuta mweupe au wa kijivu hafifu mgongoni, kamera ilikuwa ikiupima weupe ule na kupunguza nuru ya picha nzima, na uso wangu, ambao ni mweusi, ukawa kivuli chenye miwani. Kwa tofali, ambayo inarudisha nuru kidogo zaidi tu kuliko ngozi yangu, kamera haina sababu ya kujibana, na uso unaonekana bila kuongeza taa yoyote. Wenzangu wawili wenye ngozi kama yangu walibadilisha tu upande wa kukaa, wakaweka pazia la kahawia nyuma yao, na tatizo lao likaisha.

Meza ilinisumbua kidogo. Ni ya mninga, nilirithi kwa baba, nyekundu iliyoiva na yenye kung'aa kwa vanishi. Ndiyo iliyokipa chumba joto kuliko kitu kingine chochote, na sikuwa tayari kuitoa. Lakini karatasi nyeupe juu ya mbao nyeusi vile hulilazimisha jicho kubadilika kila linapovuka ukingo wa ukurasa. Niliutandika uso wa meza karatasi ya kaki, ile ya kufunikia madaftari, kwa upana wa kurasa mbili zilizofunguliwa, na mninga unaonekana pembezoni. Naibadilisha kila baada ya miezi miwili. Sakafuni upo mkeka wa ukindu usiotiwa rangi. Kitu pekee chenye rangi kali chumbani ni mto wa kanga nyekundu na nyeusi kwenye kiti cha wageni, nao uko nyuma yangu.

Kilichobaki kilikuwa ule ukuta wa uzio. Nilimwendea jirani Jumapili moja baada ya chakula cha mchana, nikamweleza kwamba chumba changu kinapata nuru kutoka kwenye ukuta wake, na kwamba sementi isiyopakwa hurudisha sehemu ndogo tu ya nuru, ambapo krimu hurudisha zaidi ya mara mbili ya hiyo. Nikamwomba ruhusa ya kuupaka kwa gharama yangu, upande wangu tu. Alinitazama kwa muda, kisha akasema, “Jirani, ukuta ni wangu, lakini anayeuona ni wewe. Paka.” Fundi alishauri tusitumie chokaa, kwa sababu mvua za masika zingeipukutisha, tukatumia rangi ya nje, lita nne, krimu yenye manjano kidogo zaidi kuliko ya ndani. Siku ilipokauka niliingia chumbani saa tano asubuhi na nikakuta kijani ya ukutani imekuwa kijani niliyoiona kwenye ubao nilipousimamisha uani. Sasa nazima taa ya dari mpaka saa kumi na moja jioni, na umeme ukikatika mchana naendelea kusoma.

Mpangilio huu una mipaka yake. Mdogo wangu, ambaye kazi yake ni kusafisha picha za harusi, aliupenda akataka kuuiga, nikamkataza. Anayepima rangi kwenye skrini anahitaji kuta za kijivu kisichoegemea popote, kwa sababu kijani kama yangu ikirudi kwenye jicho lake atawatia maharusi wekundu usiokuwepo akidhani anawarekebisha. Kwake yeye joto la chumba litoke kwenye vitu ambavyo haviko mbele ya macho yake wala haviakisiki kwenye skrini.

Mbao zangu nne ziko kwa jirani hivi sasa. Binti yake anaingia kidato cha tano, na wanamtengea chumba cha kusomea ambacho dirisha lake linatazama magharibi, wazi kabisa, bila ukuta wala mti. Nilikwenda kumsaidia kuzipanga. Saa kumi na nusu jua liliingia moja kwa moja na kuzigonga: krimu iligeuka manjano ya siagi, tofali ikawa moto usiotazamika, na kijani ambayo kwangu inapendeza ikawa rangi ya mboga iliyopikwa kupita kiasi. Kijani nyepesi, ile niliyoikataa kwa sababu ilifutika, ndiyo iliyosimama vizuri pale, na ameniomba tujaribu pia ubao wa tano, wa kijivu chenye bluu kidogo.